Wahudumu wa Afya ya Jamii Shinyanga na Geita: Mpango Unaosukwa kuanzia kwenye Rufaa

Tarehe 31 Januari 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mpango Jumuishi na Shirikishi wa Wahudumu wa Afya ngazi ya Jamii, kwa lengo la kuwa na wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano. Hesabu hiyo inaanzia chini kabisa: wahudumu wawili, mwanamke na mwanamume, kwa kila kitongoji na kila mtaa. Kabla ya hapo kila mradi ulikuwa na watu wake. Wa malaria walibeba daftari lao, wa kifua kikuu lao, wa afya ya uzazi lao. Kaya iliyo jirani na barabara ilipokea wageni watatu kwa wiki moja, na kaya iliyo nyuma ya mbuga ikamaliza mwaka bila kubishiwa hodi. Mpango wa sasa unataka mtu mmoja anayejua kaya zake zote na kushughulikia mambo yote ya msingi.

Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake, hata hivyo, mpango wa taifa ni kiunzi tu. Kazi ya kuujaza inabaki kwenye halmashauri, na halmashauri za Shinyanga na Geita zina aina mbili za wananchi ambao hawawezi kuhudumiwa kwa namna moja. Kishapu au Ushetu utakuta miji ya Wasukuma iliyotawanyika, kila mmoja na zizi lake na shamba lake, familia zikiwa hapo kwa vizazi. Ukienda Nyarugusu, Lwamgasa au Mgusu kule Geita, au Mwakitolyo upande wa Shinyanga Vijijini, utakuta machimbo ya wachimbaji wadogo. Rashi ikitokea, turubai zinasimama ndani ya siku chache: wachimbaji, wenye makarasha, mama lishe, wauza maji, wanunuzi wa dhahabu. Dhahabu ikikata, watu hao wanahamia pengine na kitongoji kinabaki na mashimo.

Hati nyingi za mipango hupangwa kwa mfuatano uleule: uteuzi, mafunzo, usimamizi, motisha, na mwishoni ukurasa mmoja kuhusu rufaa. Msimamo wa makala hii ni kwamba mfuatano huo ugeuzwe. Mhudumu wa jamii hafanyi upasuaji wala haongezi damu. Sehemu kubwa ya uhai anaouokoa unaokolewa na mtu mwingine, mahali pengine, kwa sababu yeye alimtambua mgonjwa mapema na mgonjwa akafika. Kwa hiyo kwanza ijulikane mgonjwa atapelekwa wapi na kwa chombo gani, ndipo iamuliwe ni mhudumu wa namna gani anahitajika.

Njia ya mgonjwa

Tuchukue mama aliyejifungulia nyumbani usiku katika kitongoji cha Kishapu na damu haikatiki. Mama wa namna hiyo anaweza kufa ndani ya saa mbili. Ucheleweshaji unaomuua uko wa aina tatu: familia kuchelewa kuamua, usafiri kuchelewa kupatikana, na kituo kuchelewa kumhudumia akishafika. Mhudumu ana uwezo juu ya ule wa kwanza, kiasi fulani juu ya wa pili, na hana kabisa juu ya wa tatu. Mpango ambao haujashughulikia wa pili na wa tatu unampa mhudumu kazi ya kuwahimiza watu waende mahali ambapo hawatafika, au wakifika hawatasaidiwa. Wakimwona amewapoteza mara mbili hivi, hawamsikilizi tena.

Bahati ni kwamba kwa usafiri wa dharura ukanda huu ndio uliotangulia nchi. Mfumo wa m-mama ulianza kufanyiwa majaribio mwaka 2013 Sengerema, jirani kabisa na Geita, na Shinyanga, kwa ushirikiano wa Serikali na Vodafone Foundation, na tangu mwaka 2022 umekuwa ukisambazwa kitaifa. Utaratibu wake ni huu: mtu anapiga namba 115 bila malipo. Mpokeaji simu anauliza maswali yaliyopangwa kwenye mfumo, anapima uzito wa tatizo na kuamua kituo kinachofaa. Gari la wagonjwa likiwa karibu linatumwa. Likiwa halipo, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, mwenye gari lake la kawaida, na nauli yake inalipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Familia haichangi chochote usiku huo, na mjadala wa nani auze mbuzi haupo.

Lakini mfumo huo haujui njia ya kwenda kwenye mji wa mzee fulani nyuma ya lambo, ila mhudumu anaijua. Kwa hiyo mpango mzuri unamwandalia mapema mambo matatu. Anajua ni sehemu gani za kitongoji chake simu inashika mtandao, maana zipo kaya ambazo lazima upande kichuguu au utembee hadi barabarani. Ameandika kwa kila kaya yenye mjamzito maelezo ya njia ambayo dereva mgeni anaweza kuyafuata usiku. Na anajua njia zipi hufungwa na mvua. Udongo mweusi wa mbuga za Kishapu ukiloa hunasa pikipiki na magari, na kitongoji kilicho nusu saa kutoka zahanati mwezi Agosti kinaweza kuwa mbali mno mwezi Machi. Mjamzito wa huko anayekaribia kujifungua wakati wa masika ashauriwe kusogea kwa ndugu aliye karibu na kituo wiki chache kabla. Ushauri huo hautolewi siku uchungu umeanza.

Ucheleweshaji wa tatu unahitaji orodha, na orodha hii ndiyo ukurasa wa kwanza wa mpango wowote wa halmashauri: zahanati ipi inazalisha usiku, kituo cha afya kipi kina chumba cha upasuaji kinachofanya kazi na damu ya kuongeza, wapi kuna mashine ya kupima makohozi, wapi kuna picha ya kifua. Pengo likionekana kwenye orodha, linazibwa au linatangazwa wazi kwa wahudumu. Kumpeleka mama anayevuja damu kwenye zahanati isiyo na mtu usiku ni kupoteza zile saa mbili.

Kisha ije karatasi. Fomu ya rufaa inayofaa ina vipande vitatu: shina linalobaki kwenye kitabu cha mhudumu, kipande anachobeba mgonjwa, na kipande ambacho zahanati inakijaza na kumrudishia mhudumu. Hicho cha tatu ndicho kinachosahauliwa. Bila hicho mhudumu hajui kama mtoto aliyempeleka alikutwa na nimonia au alirudishwa na panadoli, na hawezi kumfuatilia nyumbani. Kukusanya vipande hivyo kila wiki pale zahanati ni kazi ya dakika chache, na ndiyo takwimu ya kuaminika kuliko zote katika mpango mzima.

Kikohozi cha machimboni

Machimboni njia ya mgonjwa ni nyingine kabisa. Mchimbaji anayefanya kazi ndani ya duara, au kijana anayelisha mawe kwenye karasha, anavuta vumbi la mawe siku nzima. Vumbi hilo huacha makovu kwenye mapafu yasiyopona, na mapafu yenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Virusi vya Ukimwi na kulala watu wengi katika banda moja lisilo na dirisha huongeza hatari. Ndiyo maana kukohoa kwa wiki mbili au zaidi ni dalili ambayo mhudumu wa machimbo anaiuliza kila siku.

Mchimbaji hafuatwi nyumbani, maana hana nyumba ya kufuatwa. Anapatikana zamu inapobadilishana. Watu wanatoka shimoni wakiwa weupe kwa vumbi hadi kope, wanakaa kwenye viroba kunywa maji, na hapo ndipo mhudumu anapita akiuliza na kuorodhesha. Anayejibu kwamba anakohoa muda mrefu anapewa kikopo chenye mfuniko na kuelekezwa: asubuhi, kabla ya kula, aende mahali pa wazi mbali na wenzake, avute pumzi ndefu, akohoe kutoka kifuani. Mate hayatoshi. Jina linaandikwa ubavuni mwa kikopo, si kwenye mfuniko, kwa sababu mifuniko hubadilishana maabara. Vikopo vinakaa kwenye kikasha cha baridi na vinapelekwa siku hiyohiyo na bodaboda aliyepewa ratiba na malipo yanayojulikana. Mashine ya jini ekspati hutoa majibu kwa muda usiozidi saa mbili tangu sampuli iwekwe. Siku zinazopotea hupotea kabla na baada ya hapo: kikopo kikisubiri usafiri, jibu likisubiri mtu wa kulipeleka.

Akikutwa na ugonjwa, tiba ni miezi sita. Hapa mipango mingi huvunjika. Mwezi wa pili anapata nafuu, anasikia kuna rashi upande wa Mbogwe au Kahama, na anaondoka na vidonge vya wiki moja mfukoni. Kumwandika kuwa mtoro kunafunga hesabu ya ripoti lakini hakumtibu. Mpango uliosukwa kwa ajili yake unafanya mambo matatu siku ya kwanza: unachukua namba yake ya simu na za wenzake wawili wa duara moja, unampa kadi ya tiba anayokaa nayo, na unamteua msaidizi wa matibabu kati ya anaofanya nao kazi, maana mke yuko Bariadi au Sumbawanga. Akihama, mhudumu wa alikotoka anampigia mhudumu wa aendako. Hilo linawezekana tu kama halmashauri zimebadilishana orodha za wahudumu wao wa machimbo. Geita, Mbogwe, Bukombe, Nyang'hwale, Msalala na Kahama wanachangia wachimbaji walewale, na waratibu wao wa kifua kikuu wanapaswa kuwa na daftari moja la simu.

Yupo pia anayekohoa mwaka mzima na makohozi yake hayana kifua kikuu. Mhudumu asiendelee kumtafutia vikopo. Huyo anahitaji picha ya kifua hospitalini, na huenda ni lile vumbi lenyewe. Dawa ya kuyaondoa makovu haipo. Kinachobaki ni kumtoa kwenye vumbi na kumpima kifua kikuu kila dalili zinapobadilika. Kumwambia hivyo mtu ambaye chakula chake kiko shimoni ni kazi nzito, na inastahili kufanyiwa mazoezi darasani kama kupima mkono wa mtoto.

Nani achaguliwe, na wangapi

Njia hizo mbili za mgonjwa zikishachorwa, uteuzi unakuwa na maana. Kijijini mkutano mkuu wa kijiji ndio unaothibitisha majina, na ni vizuri iwe hivyo, ila mkutano upewe kigezo sahihi. Swali la kwanza liwe ni nani ambaye mama hujisikia huru kumwita usiku, kisha ndipo cheti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unataka elimu iwe ya kiwango cha chini kinachotosha kazi na kukubalika kwa mtu kwenye jamii yake kuzingatiwe. Kwa Kishapu jambo hili lina uzito wake: mhitimu wa kidato cha nne asiye na ndoa wala shamba ana kila sababu ya kwenda Kahama au Mwanza kutafuta maisha. Mama wa miaka thelathini na kitu anayesoma na kuandika Kiswahili vizuri na kuzungumza Kisukuma na bibi wa kaya atakuwepo mwaka wa tano. Dalili ya uteuzi uliotekwa ni rahisi kuiona: majina mawili yote yana undugu na mwenyekiti, au wote wanaishi makao makuu ya kijiji.

Kuna jambo moja zito ambalo mpango wa Usukuma hauwezi kulipita. Maeneo haya yameshuhudia kwa miaka mingi mauaji ya wanawake wazee kwa tuhuma za uchawi, wengine wakinyooshewa kidole kwa sababu tu ya macho mekundu kutokana na moshi wa jikoni. Mtu anayeingia nyumba za watu, akashika watoto wao, kisha mtoto mmoja akafa, yuko katika hatari ya kusemwa. Kwa hiyo mhudumu atambulishwe hadharani na mganga mfawidhi mbele ya viongozi wa kitongoji na sungusungu, na ziara ya kwanza baada ya msiba asiende peke yake. Aongozane na muuguzi au mwenyekiti.

Idadi ihesabiwe kwa kazi. Tuseme kitongoji kina kaya 120 zenye watu sita sita, yaani watu 720. Kwa kiwango cha uzazi cha vijijini tukadirie watoto 27 kwa mwaka. Kila mama akitembelewa mara tatu akiwa mjamzito na mara tatu baada ya kujifungua, ni ziara 162, karibu 14 kwa mwezi. Kaya zote zikitembelewa mara moja kila miezi mitatu, ni ziara 40 kwa mwezi. Jumla 54, yaani 27 kwa kila mmoja wa wahudumu wawili. Kazi hiyo inawezekana huku mtu analima. Sasa rashi itokee kitongoji hichohicho na watu 1,500 waingie ndani ya mwezi. Wahudumu wale wawili, hata wakiwa hodari, wamekwisha.

Suluhisho ni mhudumu wa tatu na wa nne wa machimbo, ambao hawafungwi na mipaka ya kitongoji. Wachimbaji wageni hawapigi kura kwenye mkutano wa kijiji, hivyo hawa wapendekezwe na wachimbaji wenyewe na kuthibitishwa na serikali ya kijiji. Mmoja awe mtu aliyewahi kufanya kazi shimoni, mwingine mwanamke anayefanya kazi mialoni au kwenye mabanda ya chakula, kwa sababu wanawake wa pale wana mahitaji yao ya uzazi wa mpango na kliniki ambayo mwanamume hatayasikia. Rashi ikiisha, mkataba wao unahama nao.

Mafunzo

Mpango wa taifa umeweka mafunzo ya miezi sita, darasani na kwa vitendo. Muda huo unatosha ukitumika vizuri. Ninachokisisitiza ni kwamba stadi chache zipimwe kwa macho, mmoja mmoja, kabla mtu hajapewa begi: kuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima na kujua kwamba 50 na zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa miezi 12 hadi 59, ni pumzi za haraka; kuzungusha utepe wa kupima mkono na kutambua chini ya sentimita 11.5 kuwa utapiamlo mkali; na kupiga 115 na kueleza njia. Kwa wa machimbo iongezwe zebaki. Lwamgasa ilishachunguzwa kwa kina miaka ya 2000 chini ya mradi wa UNIDO, na tatizo la kuchoma dhahabu jikoni, mtoto akiwa mgongoni, linajulikana. Mhudumu hawezi kuzuia uchomaji, ila anaweza kuutoa ndani ya nyumba.

Usimamizi unaogundua

Usimamizi wa kawaida ni kikao cha mwezi pale zahanati ambapo kila mmoja anawasilisha takwimu, zinajumlishwa, watu wanasaini. Kikao hicho kinahitajika lakini hakigundui kitu. Vinavyogundua ni vitatu, na vyote vinahitaji msimamizi atoke nje ya zahanati.

Cha kwanza ni kuongozana na mhudumu kwenye kaya mbili au tatu na kunyamaza. Cha pili ni kurudi baadaye bila yeye, kuchagua kaya tano kutoka kwenye daftari lake na kuuliza alikuja lini na alisema nini. Cha tatu ni kuweka mashina ya fomu zake za rufaa kando ya kitabu cha MTUHA namba 5 cha wagonjwa wa nje. Tuseme mhudumu ametoa rufaa 12 mwezi huo na kitabu kinaonyesha watatu tu. Kuna maelezo matatu yanayowezekana: wagonjwa hawakwenda, walikwenda na zahanati haikuandika, au rufaa ziliandikwa nyumbani kwa mhudumu siku ya mwisho wa mwezi. Mwandiko na wino husaidia: fomu 12 za wino uleule, tarehe zinazofuatana, umri wote unaoishia na sifuri au tano. Lakini msimamizi aanze na lile la pili, kwa sababu zahanati ndiyo mara nyingi yenye kosa, na mhudumu akituhumiwa kwa uzembe wa kituo hatasahau.

Tatizo kubwa ni nani asimamie. Zahanati nyingi zina watumishi wawili au watatu, na foleni haiwezi kuachwa. Njia inayofanya kazi ni kumteua mhudumu mzoefu kuwa kiongozi wa wenzake kwa kile cha kwanza na cha pili, na kumwachia muuguzi wa zahanati kile cha tatu. Mafuta ya pikipiki ya kiongozi huyo yawe kwenye bajeti kwa jina lake. Yakiwekwa kwenye kifungu cha jumla cha usafiri, yanakwisha robo ya kwanza ya mwaka.

Malipo na yanayoambatana nayo

Wahudumu wa afya vijijini wa miaka ya 1970 na 1980 walitegemea kulipwa na vijiji vyao, na uchumi ulipobana malipo yakakoma na kazi ikafa pole pole. Jaribio la Connect la Taasisi ya Afya Ifakara, lililoanza mwaka 2011 Rufiji, Kilombero na Ulanga, lilifanya kinyume: wahudumu walifunzwa miezi tisa na kulipwa mshahara. Hata hivyo, kwa jumla vifo vya watoto chini ya miaka mitano havikupungua kuliko vijiji visivyo na wahudumu hao. Ninalisoma jaribio hilo hivi: malipo humweka mtu kazini, lakini mtu aliye kazini na begi tupu, akiwa na kituo dhaifu nyuma yake, hawezi kubadilisha mengi.

Kwa hiyo posho na vifaa viende pamoja kwenye mkataba mmoja wa maandishi. Posho iwe ya kiasi kinachojulikana, ilipwe kwa simu tarehe inayojulikana. Posho ndogo inayofika kila mwezi humtunza mtu kuliko kubwa inayokusanyika miezi minne. Kulipa kwa idadi ya rufaa au ya vikopo vya makohozi kuepukwe, maana kitakacholetwa ni vikopo vya mate. Mradi wowote unaotaka kumtumia mhudumu upitishe fedha na daftari lake kwa mratibu wa halmashauri, la sivyo atafanya kazi ya anayelipa zaidi na wajawazito watasubiri.

Halmashauri za ukanda huu zina chanzo ambacho nyingine hazina. Migodi mikubwa hulipa ushuru wa huduma kutokana na mauzo, na tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017 mpango wao wa kila mwaka wa wajibu kwa jamii unakubaliwa na halmashauri. Geita na Msalala wanaweza kulipa wahudumu wa machimbo kutoka humo. Ila mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulifungwa mwaka 2021, na mapato ya namna hiyo hukoma na mgodi. Busara ni kutumia fedha za mgodi kwa vitu vinavyonunuliwa mara moja, kama baiskeli, vikasha vya baridi, mizani na mafunzo ya awali, pamoja na wahudumu wa muda wa rashi. Posho za wahudumu wa kudumu wa vitongoji zikae kwenye mapato ambayo yatakuwepo hata mwamba ukiisha.